Herufi Ndani ya Duara

Watu wa Tabora wakikwambia kwamba Bhagwanji alikuwa mtu mwema, wanakudanganya. Ndivyo tulivyo, mtu akishaondoka tunamsifu. Bhagwanji alikuwa na ulimi mchungu kama shubiri, na ujuzi wake aliubania hata kwa wale aliowafundisha kazi. Alizaliwa hapa hapa Mtendeni. Babu yake aliifuata njia ya misafara kutoka pwani, akitengeneza kufuli na magobori ya wasafiri, akafika Tabora akachoka, akakaa. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hasa, na Kinyamwezi alikijua cha kutosha kukutukana mbele ya mama yako, mama akacheka. Lakini umuulize, "Fundi, alama hii kwenye mchoro maana yake nini?" Angekutazama toka utosini mpaka kwenye kandambili, kisha aseme, "Maana yake ufanye ninavyokwambia." Ndiyo elimu uliyopata siku hiyo.

Karakana yake ilipotaifishwa, ikaitwa Karakana ya Umma ya Zana, yeye alibakizwa kama fundi mkuu kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua zile mashine. Nyumba yake nayo ikawa mali ya karakana. Akaambiwa atakaa humo maadamu ni mfanyakazi, siku akiachishwa kazi atatoka. Hilo peke yake ndilo lililomtia hofu duniani. Mkewe, Damyanti, macho yalikuwa yamemwisha kwa mtoto wa jicho, na nyumba ile aliijua kwa viganja: ukuta huu unapeleka jikoni, kizingiti kile kina ufa, hapa pana mtungi. Ndani ya nyumba ile Damyanti alipika, alifua, alitembea kama mtu anayeona. Mtoe nje ya mlango wa mbele, anakuwa mtoto mchanga.

Sasa huyu Kornel. Kornel alitoka seminari kabla ya kupata upadri, na alitoka na Kiingereza kizuri na kiburi kidogo. Meneja wa karakana, Ndugu Sylvester, mtu wa suti za Kaunda aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alimwajiri kwa kazi moja: kutafsiri michoro. Amri ilikuwa imetoka juu, Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, na michoro ya vipuri ilikuwa inakuja na mashine za misaada kutoka Ulaya, imejaa Kiingereza na alama ambazo mafundi hawakuzijua. Kornel alitandika karatasi ya kunakilia juu ya mchoro, akapita mistari yote kwa wino, na penye neno la Kiingereza akaweka la Kiswahili. Penye alama akaandika chini yake maana yake kwa maneno, ili hata fundi aliyeishia darasa la nne aelewe. Mchoro wa Kiingereza baada ya hapo ulirudishwa makao makuu, Dar.

Msidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Kwenye michoro ile ya kisasa kulikuwa na visanduku virefu vyenye vyumba, kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa. Chumba cha kwanza kina alama. Mistari miwili ya mshazari ina maana nyuso mbili ziende sambamba. T iliyopinduliwa, uso mmoja usimame wima juu ya mwingine. Duara lenye msalaba ndani yake, mahali pa tundu. Chumba cha pili kina kipimo, yaani kosa kubwa kabisa linalovumilika. Vyumba vya mwisho vina herufi, A au B, zinazotaja uso au tundu la kuanzia kupimia. Kornel alijifunza hayo yote katika kitabu kimoja chakavu cha ufundi alichopewa na Brother mmoja wa misheni, na nataka nimpe haki yake, aliyatafsiri vizuri. Aliandika kwa mfano: "Kitovu cha tundu kisitoke nje ya kiduara cha nusu milimita, ukipima kutoka uso A na tundu la kati B." Hata mimi na ujinga wangu nimeelewa.

Tatizo lilikuwa herufi moja. Kwenye mchoro wa flenji za pampu, ndani ya kile chumba cha pili, baada ya kipimo cha nusu milimita, palikuwa na M ndogo ndani ya duara. Kitabu cha Brother hakikuwa nayo. Hapo zamani Kornel angekwenda kumuuliza Bhagwanji. Lakini juzi yake tu alikuwa amemuuliza habari ya alama nyingine, na Bhagwanji, mbele ya mafundi wote, alimjibu, "Padri uliyeshindwa, nenda kaulize kwenye misale." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kornel aliapa kwamba hatamuuliza tena yule mzee kitu hata kama ni njia ya kwenda chooni.

Akatumia akili yake. Katika karakana ile kulikuwa na desturi ya tangu enzi za baba yake Bhagwanji: anayekagua kipimo kwenye mchoro huandika pembeni yake herufi ya kwanza ya jina lake, akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Michoro ya zamani ukutani yote ilijaa B ndani ya duara. Kornel akasema, basi, hii M ni ya mkaguzi wa huko kwao, bwana Martin au Müller, nani anajua. Na mkaguzi wa huko atahusika vipi na mchoro wa Kiswahili? Mkaguzi wa hapa ni Meneja. Akaifuta ile M, na mahali pake, kwenye kila kisanduku cha tundu, akachora S ndani ya duara, nzuri, ya kupendeza.

Sylvester alipouona mchoro alikaribia kulia. Aliutia kwenye fremu ya kioo. Kila mgeni wa Chama au wa wilaya akifika, alipelekwa kwanza mbele ya fremu ile, akaonyeshwa kwa kidole: "Hapa, na hapa, na hapa. Hayo ndiyo mambo ya mwananchi kukagua kazi yake mwenyewe." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kornel akapandishwa cheo, akawa mkaguzi msaidizi, akapewa venia mpya ya kupimia ndani ya kisanduku cha mbao, na akaahidiwa kwamba mkewe Paskazia, aliyekuwa ndiyo kwanza amejifungua, atapata kazi ya jikoni karakana.

Kazi yenyewe ilikuwa flenji arobaini za pampu za maji kwa vijiji vipya huko Goweko, ambako watu walikuwa wamehamishwa na wanachota maji ya madimbwi na ng'ombe. Flenji ni sahani nene ya chuma yenye tundu kubwa katikati na matundu madogo manne pembeni, ya kupitisha bolti. Bhagwanji alikuwa ameusoma mchoro wa Kiingereza siku ulipofika, akautia kichwani. Ule wa Kiswahili hakuugusa, aliuita karatasi ya shule. Stoo hapakuwa na keekee ya kutobolea tundu la milimita kumi na mbili na nusu. Ilikuwapo ya milimita kumi na tatu, na kumi na tatu ilikuwa bado ndani ya upana ulioruhusiwa. Akamwambia Masolwa, kijana wa Kinyamwezi aliyeendesha mashine ya kutobolea, "Toboa na hii." Masolwa akatoboa. Mashine ilikuwa mzee kuliko wote, mhimili wake unaoshika keekee unacheza kidogo, na Bhagwanji aliijua kucheza kwake kama mtu anavyojua ugonjwa wa mkewe. Akaridhika.

Kornel akazipima. Alizitandaza juu ya meza ya kupimia, moja moja, siku nzima, na venia yake mpya. Mchoro wake ulisema kiduara cha nusu milimita, yaani kitovu cha tundu kisihame kutoka mahali pake zaidi ya robo milimita upande wowote. Flenji ya kwanza ilikuwa na tundu lililohama zaidi ya hapo. Ya pili pia. Karibu zote zilikuwa na tundu moja au mawili yaliyohama, mengine karibu mara mbili ya ruhusa. Niseme nini? Moyo wake ulifurahi. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Padri aliyeshindwa, eh? Akaandika majibu kwa mwandiko wa seminari, akapeleka ofisini.

Sylvester aliyasoma akiwa amesimama. Alipoketi alikuwa anatabasamu.

"Ndugu Kornel, hii si kazi mbovu. Hii ni hujuma."

"Labda mashine, Ndugu Meneja."

"Mashine haina nia. Mtu ana nia." Akafunga faili. "Mkutano wa wafanyakazi Jumatatu. Anaachishwa, na nyumba ile ya Mtendeni inarudi. Mimi nimechoka kukaa nyumba ya wageni na watoto."

Hapo ndipo Kornel alipoelewa kinachotafutwa, na furaha ikampungua. Lakini alisema moyoni kwamba vipimo ni vipimo, na matundu yamehama kweli, na yeye hakumwambia mtu ahame nyumba.

Jumapili, Kornel na Paskazia walikuwa wametoka misa, wameketi mbele ya nyumba yao Chemchem na kichanga mapajani, mara wakamwona Bhagwanji anakuja kwa miguu, jua la saa saba kichwani, kashika kopo la samli. Mtaa mzima ulitoka nje kutazama. Mhindi yule tangu azaliwe hajawahi kuonekana kwenye uchochoro ule.

"Shikamoo, Mzee," Kornel akasema, na kigoda akampisha.

"Marahaba." Bhagwanji akaketi, akaliweka kopo chini. "Hii mama wa nyumbani kwangu ameituma, kwa mzazi. Anasema mwanamke aliyejifungua bila samli mgongo hauponi."

Paskazia akapokea, akapiga goti, akashukuru. Bhagwanji akangoja mpaka alipoingia ndani. Kisha akaokota kijiti, akachora tundu kwenye vumbi.

"Kornel, kwenye mchoro wa Kiingereza palikuwa na M ndani ya duara. Jana Masolwa ameniambia habari ya mkutano wa kesho, na kwamba kwenye ule wako ipo S. M imekwenda wapi?"

"Ilikuwa ya mkaguzi wao."

Mzee akafumba macho kidogo. Kama ni siku nyingine angemtukana mpaka kizazi cha tatu. Siku ile alishuka kigodani, akachuchumaa mavumbini na magoti yake mabovu.

"Si ya mkaguzi. Nisikilize. Hii bolti, milimita kumi na mbili. Tundu likiwa dogo kabisa, kumi na mbili na nusu, bolti imebanwa, nafasi yake ni nusu tu. Kwa hiyo tundu haliruhusiwi kuhama ila ndani ya nusu. Sivyo? Sasa likiwa pana, bolti ina nafasi, hata tundu likihama kidogo bolti itapita. M inasema hivyo tu: tundu linavyopanuka, na kiduara cha ruhusa kipanuke kwa kiasi kile kile. Mimi nimetoboa kumi na tatu. Nimeongeza nusu ya upana, kwa hiyo napata nusu nyingine ya kuhama. Nusu na nusu, milimita nzima. Kitovu kinaweza kukaa nusu milimita mbali na mahali pake, na flenji bado ni nzima. Zangu hakuna hata moja iliyofika hapo. Umezipima mwenyewe, unajua."

Kornel aliutazama ule mchoro wa vumbini. Alitaka kubisha, akakumbuka jambo likamkata maini. Mchoro wa mashine ya kuchambulia pamba, uliotoka kampuni nyingine, nchi nyingine, nao ulikuwa na M ndani ya duara. Ndani ya kisanduku, si pembeni. Ni mkaguzi gani huyo anayekagua michoro ya dunia nzima? Na yeye aliiona, akapita.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya hasira. "Nimekuuliza alama ngapi katika karakana ile?"

"Nilikosea," alisema Bhagwanji. Sijui kama neno hilo lilikuwa limewahi kumtoka. "Nilidhani nikiwapa kila kitu hamtanihitaji tena. Nilikosea, unipige. Lakini kesho useme kwamba M ilikuwapo. Dar wako mbali, Meneja hatawaandikia. Ukiniacha mimi, ni wewe peke yako uliyeuona mchoro ule na kuushika. Mama hawezi kuishi nyumba nyingine, Kornel. Ataanguka siku ya kwanza."

"Nitasema," Kornel akajibu.

Na alikusudia kusema. Hilo nakuhakikishia, na ndiyo maana habari hii inaniuma.

Jumatatu mkutano ulifanyika uani, wafanyakazi wote wameketi juu ya vyuma chakavu, na flenji zimepangwa chini kama vyungu gulioni. Sylvester alisoma majibu ya vipimo. Akasema wananchi wa Goweko wanakunywa maji na mifugo kwa sababu mtu mmoja hajakubali bado kwamba enzi zake zimekwisha. Watu walinung'unika. Wapo waliomchukia Bhagwanji kwa haki kabisa, maana vidole vyao aliwahi kuvichapa kwa rula ya chuma.

Bhagwanji aliomba jambo moja. Akamwambia Masolwa achukue flenji mbili zozote, zile mbaya kuliko zote kwenye majibu, azilaze uso kwa uso, apitishe bolti. Masolwa akazipanga, tundu la kati likakutana na tundu la kati, akatia bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zikazama zote kwa kidole.

"Zinaingia," mtu mmoja akasema nyuma.

"Na karatasi inasemaje?" Sylvester akauliza. "Kila mtu akianza kufuata bolti badala ya karatasi, hii itakuwa karakana au gulio? Mkaguzi Kornel, simama. Mchoro uliutafsiri wewe. Kuna kitu ulichoacha?"

Kornel akasimama. Alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika.

"Kipo, Ndugu Meneja. Palikuwa na M ndani ya duara. Inaruhusu tundu pana lihame zaidi. Mimi sikuijua, nikaifuta, nikaweka S. Kwa mchoro wa asili flenji hizi ni nzima zote. Kosa ni langu."

Ah, jamani! Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekupa na kahawa. Masolwa alipiga makofi mara moja, akaona yuko peke yake, akaacha. Bhagwanji aliinamisha kichwa, mabega yakamshuka kama mtu aliyevuliwa gunia.

Sylvester hakukasirika. Hilo ndilo lililokuwa baya. Aliikunja ile karatasi ya majibu taratibu, akaitia mfukoni.

"Ijumaa ulinipa vipimo vilivyotiwa sahihi yako, hukusema habari ya M. Leo Jumatatu unayo M. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna Jumapili. Jana saa saba mchana, Ndugu Kornel, nani alikuja nyumbani kwako?"

Kornel akamgeukia Bhagwanji.

"Chemchem yote imemwona. Alikuja mikono mitupu?"

"Alikuja kunieleza alama, Ndugu Meneja."

"Nimeuliza mikono."

"Samli," Kornel akasema. "Kopo la samli. Mke wangu amejifungua."

Basi, uani palilipuka. Samli! Watu ambao dakika moja kabla walikuwa wanaziangalia zile bolti na kutikisa vichwa, sasa walikuwa wanacheka na kupiga miluzi. M yenyewe ni ya samli! Sylvester aliwaacha wacheke mpaka wakatosheka. Kisha akamsogelea Kornel, akamshika bega kama kaka yake, akazungumza chini chini, lakini Bhagwanji aliyekuwa karibu alisikia kila neno.

"Rushwa ina watu wawili, mtoaji na mpokeaji. Wote wawili wanakwenda Uyui gerezani. Isipokuwa mpokeaji akitubu mapema, huyo huwa shahidi. Una mtoto wa siku ngapi? Haya. Palikuwa na M au palikuwa na samli? Kimoja tu."

Bhagwanji alimtazama Kornel. Hakuomba. Nadhani kama angeomba, au angemtukana, labda kijana angepata pa kushikia. Alimtazama tu kwa yale macho ya fundi anayengoja kuona chuma kitapasuka wapi.

"Samli," Kornel akasema.

"Kwa sauti. Wafanyakazi wasikie."

"Aliniletea samli ili niseme hivyo. M haikuwapo."

Askari wawili walikuwa wanangoja getini tangu asubuhi, kwa hiyo pengine hata bila samli kingepatikana kitu kingine. Wakamchukua Bhagwanji kwa mikono miwili. Alipopita mbele ya Kornel alisimama, akafikiri, akasema kwa utaratibu, kama mtu anayeacha maagizo ya zamu, "Mama usimwambie wewe. Mtafute mwanamke amwambie." Kisha akaenda nao.

Flenji zikahukumiwa zivunjwe pale pale, zisije zikaibwa na kufungwa. Ilibidi kwanza zile mbili zitenganishwe. Masolwa akachuchumaa, akazichomoa bolti moja moja kwa vidole viwili, bila nyundo, bila spana, na kila moja alipoichomoa aliinyanyua juu kidogo watu waione, kisha akaiweka chini.

"Mkaguzi ndiye aanze," Sylvester akasema, akampa Kornel nyundo kubwa.

Chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa hakijui kupinda. Kornel alipiga, kikapasuka kupitia kwenye matundu. Akapiga nyingine. Baada ya hapo wenzake wakaingia, maana kelele huambukiza, na kabla ya adhuhuri flenji zote arobaini zilikuwa vipande, na Goweko waliendelea na madimbwi yao. Walikuja kupata pampu zao baadaye sana, na flenji kutoka nje, zenye matundu ya kumi na tatu.

Mchana ule Sylvester alimwita ofisini.

"Wewe yule mama anakujua, umemwendea mara nyingi kwa shughuli za karakana. Nenda kachukue funguo. Lori litakufuata na vitu vyangu. Mwambie kwa upole."

Kornel akaenda. Njiani alipita nyumba tatu za Wahindi akitafuta mwanamke wa kumtuma. Gulshan, mke wa mwenye duka la vitambaa, alimfungia mlango usoni alipomtambua. Habari ilikuwa imemtangulia. Akafika Mtendeni peke yake, akabisha hodi.

Damyanti alifungua mwenyewe. Alikuwa amevaa sari safi, na ndani kulikuwa na harufu ya iliki. Alisikiliza pumzi za aliyesimama mlangoni.

"Nani? Kornel?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekujua kwa hodi yako. Mzazi hajambo? Samli anaila?"

"Anaila."

Mama akasogea, akapapasa hewani mpaka akaukuta mkono wake, akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Mzee jana hakulala. Alikuwa anazunguka tu, anasema yule kijana nimemdharau sana, hatasema. Mimi nikamwambia, atasema. Nikamwambia, yule amelelewa na mapadri. Niambie basi, na mimi moyo utulie. Umelisema lile neno?"

Kornel alikuwa amejipanga njia nzima. Alikuwa na maneno ya upole, ya seminari, yenye Mungu ndani yake. Yote akayaacha.

"Nimelisema, Mama," akajibu.

"Mungu akuweke! Mungu akukuzie mtoto!" Damyanti akacheka, machozi yakamtoka katika yale macho yasiyoona, akayafuta kwa pindo la sari. "Ingia, ingia, usisimame mlangoni kama mdai. Leo unakunywa chai hapa, na Mzee akirudi atakuta tumekwisha kunywa, shauri yake."

Akageuka, akaweka kiganja ukutani, akaenda jikoni kwa haraka, anaruka kile kizingiti chenye ufa bila kukigusa. Kornel akasikia vikombe vinapangwa. Akasikia na lori linakata kona ya Mtendeni, likasimama mbele ya nyumba, na watoto wa Sylvester wakaanza kuruka chini wakigombania nani atalala chumba cha dirishani.

"Ni nani hao?" Damyanti akauliza kutoka jikoni. "Wageni? Waambie waingie, chai ipo ya kutosha."